Jina na Ncha Yake: Kutafsiri Michoro na Ramani Zilizopigwa Picha Kitabuni Bila Kuhamisha Majina

Mwalimu wa Tanzania anapopiga picha mchoro wa moyo kutoka kitabu cha Kiingereza ili akautumie kwa wanafunzi wanaosoma kwa Kiswahili, tafsiri ya maneno ni sehemu nyepesi ya kazi. Majina yenyewe hayazidi kumi na mawili, na kamusi inayo. Kosa linaloharibu somo hutokea baadaye, wakati wa kuyarudisha majina kwenye picha. Neno ni sahihi na tahajia ni sahihi, lakini mstari wake umeishia kwenye chumba cha jirani. Kosa hilo halionekani kwa macho ya haraka, kwa sababu karatasi inapendeza na kila jina lina mstari wake.

Mwongozo huu unafuata mchoro mmoja wa moyo tangu kamera hadi karatasi, kisha unageukia ramani, ambako majina hayana mistari na mtego ni wa aina nyingine. Tutaita mstari unaotoka kwenye jina kwenda kwenye sehemu *kielekezi*. Kila kielekezi kina miisho miwili: mkia ulio karibu na neno, na ncha iliyo juu ya sehemu yenyewe. Kanuni inayobeba kazi yote ni kwamba jina ni mali ya ncha. Mahali neno lilipoandikwa panaweza kubadilika, mkia unaweza kusogezwa, lakini ncha haiguswi.

Picha

Weka kitabu karibu na dirisha, mwanga uje kwa ubavu, na uzime flashi, maana huacha doa jeupe linalofuta vielekezi vyembamba. Simu iwe sambamba na ukurasa. Ukiiinamisha, upande mmoja wa mchoro hufinywa. Ni afadhali kusimama mbali kidogo na kuvuta picha mara mbili kuliko kuisogeza simu karibu sana, kwa sababu ukaribu hupinda pembe za ukurasa. Pale karibu na mshono wa kitabu karatasi hubinuka na vielekezi navyo hupinda. Ubonyeze ukurasa ulale kwa kidole kilicho nje ya mchoro, au kwa rula.

Vitabu vingi vya shule vina karatasi nyepesi, na maandishi ya upande wa nyuma huonekana kama kivuli. Kivuli hicho kikipita juu ya mchoro, utashindwa kujua kama mstari mwembamba ni kielekezi au ni herufi ya ukurasa mwingine. Ingiza karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa unaoupiga na kivuli kitapungua sana.

Kabla ya kuondoka kwenye kitabu, soma neno moja kwenye picha. Kama herufi zimegeuka kama kwenye kioo, futa upige upya. Kamera ya mbele ya baadhi ya simu huhifadhi picha iliyogeuzwa, na kwenye mchoro wa moyo huko ni kubadilisha kushoto na kulia. Ukimtumia mwenzako picha kwa WhatsApp, itume kama faili ya hati. Ikitumwa kama picha ya kawaida hupunguzwa, na ncha zinazoishia kwenye vali ndogo hupotea.

Tengeneza picha ya msingi, kisha usiiguse tena

Kunyoosha, kukata kingo na kuongeza nafasi pembeni vyote vifanyike sasa. Baada ya hapo utaanza kuandika vipimo vya ncha, na ukikata hata kipande kidogo cha ukingo wa kushoto, kila kipimo ulichoandika kitakuwa kimehama.

Tuseme picha ya moyo, ikishakatwa, ina upana wa pikseli 2400 na urefu wa 3000. Majina ya Kiswahili yatahitaji nafasi zaidi ya yale ya Kiingereza, kwa hiyo tunaongeza pikseli 400 nyeupe kila ubavu na 100 juu na chini, kwa amri ya programu ya ImageMagick:

```
magick moyo.jpg -auto-orient -bordercolor white -border 400x100 moyo_msingi.png
```

Sasa picha ni 3200 kwa 3200. Neno `-auto-orient` katika amri hiyo lina kazi kubwa. Simu ikishikwa sambamba na meza haijui upande wa juu ni upi, nayo huandika mwelekeo ndani ya faili badala ya kuigeuza picha yenyewe. Programu moja itautii mwelekeo huo na nyingine itaupuuza. Matokeo yake ni kwamba vipimo ulivyochukua kwenye programu ya kwanza vinaangukia mahali pengine kabisa kwenye ya pili. Amri hii huigeuza picha moja kwa moja, ubishi ukaisha.

Hesabu na namba kabla ya tafsiri

Usianze kutafsiri. Fungua picha ya msingi kwenye programu kama GIMP, inayoonyesha pikseli za mahali kishale kilipo, kisha anza juu kulia na uzunguke kama mshale wa saa. Kila jina lipe namba, fuata kielekezi chake hadi ncha, na uandike vipimo vya ncha.

Hesabu majina, halafu hesabu vielekezi peke yake. Kwenye mchoro wetu majina ni 12 lakini vielekezi ni 13, kwa sababu jina la vena za mapafu limegawanyika kwenda kwenye mishipa miwili. Ziandike ncha hizo 3a na 3b. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili lazima iwe na maelezo. Kama huna maelezo, kuna kielekezi hujakiona au kuna kivuli umekihesabu.

Hapa Kiswahili kina mtego wake. Kitabu cha Kiingereza kinapoonyesha vali mbili kwa jina moja, neno huwa na alama ya wingi, na alama hiyo inamkumbusha msomaji kwamba mistari ni miwili. Kwetu vali ni vali, moja au kumi. Kielekezi cha pili kikipotea, hakuna neno litakalolalamika. Kwa hiyo jina lenye ncha mbili liandikwe kwa namna inayoonyesha wingi: "vena za mapafu", ambapo *za* inatosha, au "vali mbili za nusu-mwezi", ambapo bila idadi isingejulikana haraka.

Vielekezi vinavyokaribiana ndivyo vya kufuata polepole. Katika moyo, kielekezi cha vali mara nyingi hupita juu ya auriko kabla ya kufika. Ukiangalia haraka utadhani kinaishia ndani ya chumba. Kuza picha hadi uone mahali wino unapokoma, na usikisie kwa maana ya neno. Ukikisia, utakuwa unachora moyo ulioko kichwani mwako badala ya ule wa kitabu.

Kusoma maandishi kwa mashine

Kwa majina 12, kuandika kwa mkono ni haraka zaidi. Kama una michoro mingi, Tesseract, programu inayosoma maandishi yaliyo kwenye picha, inasaidia, mradi ujue inapokosea:

```
tesseract moyo_msingi.png moyo -l eng --psm 11 tsv
```

Faili `moyo.tsv` itakuwa na kila neno pamoja na mahali lilipo. Tukibakiza safu sita tu, kipande chake kinaweza kufanana na hiki:

```
left   top   width  height  conf  text
430    520   230    56      96    superior
430    592   124    44      95    vena
574    592   116    44      95    cava
2460   524   160    48      93    aorta
```

Namba `--psm 11` inaiambia programu kwamba maandishi yametawanyika. Usipoiweka, programu huweza kudhani ukurasa ni aya, ikasoma kutoka kushoto hadi kulia na kuunganisha `superior` na `aorta` kwa kuwa viko kwenye kimo kimoja. Ukiona jina lisilokuwa na maana, tazama `top`: maneno mawili yenye kimo karibu sawa lakini `left` zilizoachana mbali ni majina mawili tofauti. Na kinyume chake, maneno yenye `left` sawa na kimo kinachofuatana ni jina moja lililovunjwa mistari miwili.

Liunganishe jina hilo kabla ya kulitafsiri. Kiingereza hutanguliza sifa na Kiswahili hutanguliza nomino, hivyo ukitafsiri mstari kwa mstari utapata "kushoto" juu na "ventriko" chini. Safu ya `conf` ni ya kuonyesha mashaka. Ikishuka chini ya 70 hivi, nenda ukaangalie kwa macho. Mara nyingi mkia wa kielekezi umegusa neno na kusomwa kama kistari au herufi ya `l`.

Programu hii inajua neno lilipo tu, haijui ncha ilipo. Safu ya ncha utaijaza mwenyewe.

Jedwali la moyo

Sasa ndipo tafsiri inaingia, pembeni ya namba na ncha ambazo tayari zimefungwa:

```
Na.  x     y     jina
1    1790  560   aota
2    1850  830   ateri ya mapafu
3a   2080  960   vena za mapafu
3b   2090  1080  vena za mapafu
4    1880  1190  auriko ya kushoto
5    1800  1450  vali ya ncha mbili
6    1900  1900  ventriko ya kushoto
7    1640  2050  ukuta wa kati
8    1380  1950  ventriko ya kulia
9    1130  2080  vena kava ya chini
10   1350  1560  vali ya ncha tatu
11   1190  1330  auriko ya kulia
12   1200  700   vena kava ya juu
```

Tazama safu ya x. Katikati ya picha ni 1600. Kila kilichoandikwa "kushoto" kina x zaidi ya 1600, yaani kiko upande wa kulia wa karatasi. Hivyo ndivyo inavyotakiwa: moyo umechorwa kama wa mtu anayekutazama, na kushoto kwake ni kulia kwako. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote kwenye mchoro huu. Mtu anayepanga majina bila jedwali huona "kushoto" upande wa kulia, anadhani kitabu kimekosea, naye anayabadilisha. Ncha zikiwa zimeandikwa kabla ya neno la Kiswahili kuonekana, kishawishi hicho hakipati nafasi.

Mtego wa pili unafanana na huo. Ateri ya mapafu hubeba damu isiyo na oksijeni ya kutosha, na kwa kawaida huchorwa kwa buluu. Mtafsiri aliyezoea kwamba ateri ni nyekundu huandika "vena". Rangi isikuamulie jina. Ateri ni mshipa unaotoka moyoni, vena ni unaorudi.

Kurudisha majina

Picha ya msingi ikae tabaka la chini, majina tabaka la juu. Funika neno la zamani kwa mstatili mweupe, ukitumia vipimo vya `left`, `top`, `width` na `height`, na ongeza pikseli nne hivi kila upande isipokuwa upande wa kielekezi. Ukiongeza huko nako, utaula mkia, na pengo hilo dogo ndilo linalomfanya msomaji aruke kwenye mstari wa jirani.

Kila jina lifungwe pamoja na kielekezi chake kama kitu kimoja, ili ukilisogeza visiachane. Kwa faili ya SVG, ambayo huandika mchoro kwa maandishi, namba 4 huonekana hivi:

```
<g id="n04">
  <circle cx="1880" cy="1190" r="9"/>
  <line x1="1880" y1="1190" x2="2440" y2="1170"
        stroke="black" stroke-width="6"/>
  <text x="2460" y="1190" font-size="60"
        text-anchor="start">auriko ya kushoto</text>
</g>
```

Kidoti cheusi kwenye ncha ni nyongeza yetu, nasi tunaisisitiza. Vitabu vingi huuacha mstari uishe bila alama, na picha ikififia hujui umeishia ukutani au ndani ya chumba.

Zingatia `text-anchor`. Majina ya upande wa kulia yaanze kwenye mkia na kukua kwenda nje, ndiyo maana tumeweka `start`. Ya upande wa kushoto yapewe `end`, ili mwisho wa neno ubaki kwenye mkia na urefu wa ziada uelekee pembeni. Ukiyapanga yote kwa `start`, "vena kava ya juu" litaendelea hadi juu ya mchoro na kufunika mshipa wenyewe.

Jina likikataa kutosha, usipunguze herufi hadi zisisomeke. Weka namba kwenye mkia na orodha chini ya mchoro. Lakini fanya hivyo kwa majina yote ya mchoro huo, maana mchoro wenye nusu majina na nusu namba huchosha macho na hukaribisha kuruka.

Kukagua kwa kufuata damu

Usikague kwa kusoma orodha, kwa sababu orodha ilishakuwa sahihi tangu mwanzo. Weka picha ya zamani juu ya mpya ikiwa nusu wazi, na uone kila kidoti kama kimekaa pale wino wa zamani ulipokoma. Kisha mwombe mtu ambaye hakushiriki aifuate damu kwa kidole, akitaja majina ya Kiswahili: kutoka vena kava zote mbili kuingia auriko ya kulia, kupitia vali ya ncha tatu, ventriko ya kulia, ateri ya mapafu, kisha kurudi kwa vena za mapafu, auriko ya kushoto, vali ya ncha mbili, ventriko ya kushoto, na kutoka kwa aota. Majina mawili yakiwa yamebadilishana, kidole kitalazimika kuruka ukuta. Mwishowe tazama kuta za ventriko: iliyo nene ni ya kushoto, kwa kuwa inasukuma damu mwili mzima. Kama jina "ventriko ya kulia" limekaa kwenye ukuta mnene, picha iligeuzwa au majina yalihamishwa.

Ramani: majina yasiyo na mistari

Kwenye ramani ya Afrika Mashariki, jina la mji hufungwa kwa ukaribu na kidoti, la mto kwa kufuata mkunjo wake, na la ziwa au mkoa kwa herufi zilizoachana kufunika eneo lote. Hapa jedwali linahitaji safu moja zaidi: jina ni la nukta, la mstari au la eneo? Bila safu hiyo utashindwa kutenganisha Pangani mji na Pangani mto, maana mji uko mdomoni mwa mto na majina yanakaa karibu. Mara na Kagera ni mito na pia ni mikoa. Kilimanjaro ni mlima na ni mkoa. Katika vitabu vingi tofauti hiyo imebebwa na rangi ya herufi au mlalo wake tu. Ukiandika upya kwa wino mweusi mmoja, umeifuta. Kwa hiyo iandike kwa maneno: Mto Pangani, Mkoa wa Mara.

Herufi zilizoachana huisumbua mashine. Jina la Ziwa Viktoria linaweza kutoka kama herufi moja moja, na nyingine kushikamana na majina ya visiwa na miji ya pwani ya ziwa. Majina ya maeneo yaandike kwa mkono.

Vifupisho navyo vinahitaji uangalifu. Kiingereza hufupisha mlima kwa `Mt.`, lakini kwetu kifupisho hicho husomwa Mtakatifu. Andika "Mlima Kenya" kwa ukamilifu. Herufi M peke yake haifai kabisa, kwa kuwa mto na mlima vyote vinaanza nayo.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye kingo, palipo na latitudo na longitudo. Kiingereza kina herufi nne tofauti za pande nne. Kiswahili kina Kaskazini na Kusini, Mashariki na Magharibi, yaani K mbili na M mbili. Katika eneo linalokatwa na ikweta, "1°K" haina maana: Kampala iko kaskazini kidogo ya ikweta na Nairobi kusini kidogo. Tumia Kas., Kus., Mash. na Magh., kila mahali, bila kuachia hata moja.

Kwenye ufunguo wa ramani, kila alama na maelezo yake vihesabiwe kama mstari mmoja. Ukitafsiri maelezo yote kwa pamoja kisha ukayapanga upya, mpangilio ukiteleza hatua moja, reli itakuwa barabara na barabara itakuwa mpaka. Skeli ya uwiano, mfano 1:5,000,000, haifai tena baada ya kupiga picha, kwa sababu ukubwa wa karatasi umebadilika. Iondoe na ubakize skeli ya mstari, ambayo hukua na kupungua pamoja na ramani yenyewe.

Chapisha nakala moja kwenye A4, kisha uitoe fotokopi nyeusi na nyeupe, kwa kuwa ndiyo wanafunzi watakayoipata. Mito ya buluu hufifia na vielekezi vyembamba hukatika. Kwenye picha yetu ya upana wa 3200, mstari wa pikseli 6 hutoka kama theluthi moja ya milimita. Ukikatika kwenye fotokopi, upandishe hadi 9 na utoe fotokopi nyingine.